Cherehani Iliyolipiwa Ikabaki Dukani

Wengi huiita biashara hii kulipa kidogo kidogo. Mnunuzi huchagua kitu dukani, huafikiana bei na mwenye duka, kisha hudunduliza hadi shilingi ya mwisho, ndipo akakichukua. Akina mama huipendelea kuliko mkopo, na wana haki, kwani bei haiongezeki kwa kuchelewa. Hata hivyo, shauri moja lililoletwa mbele ya kamati yetu ya msikiti limenionesha mahali inapovuja.

Mama mmoja mjane alichagua cherehani ya shilingi 360,000. Alitanguliza 60,000, kisha kila mwezi akapeleka 50,000, hata baada ya miezi minne akawa amelipa 260,000. Hapo akaugua, akakosa miezi miwili. Aliporudi na 100,000 zilizosalia, aliambiwa cherehani ile imekwisha kuuzwa, na nyingine ni 420,000. Kadi yake ilikuwa na tarehe na kiasi alicholipa, basi. Haikutaja aina ya cherehani, wala namba iliyochongwa juu yake, wala bei.

Sheikh wetu aliuliza swali moja tu: je, mliuziana cherehani ipi? Ikiwa waliafikiana juu ya cherehani ile pale, kwa bei ile, mauzo yalikwisha timia, na muuzaji hakuwa na ruhusa ya kumuuzia mwingine wala kupandisha bei. Tena kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kitu kisichokabidhiwa kikiungua dukani, hasara ni ya muuzaji na fedha hurejeshwa.

Lakini mwenye duka alijibu, “Zilikuwa nyingi stoo, yoyote ingekuwa yake.” Jibu hilo ndilo lililomfunga. Pasipo cherehani iliyotengwa, bidhaa ni deni na bei ni deni, na deni haliuzwi kwa deni. Lau wangetaka mauzo ya salamu, bei yote ingelipwa katika kikao kile kile. Alipojitetea kuwa 60,000 zilikuwa arbuni, yaani kishika bei kisichorudishwa, aliambiwa kwamba Imamu Ahmad aliiruhusu, ila wanazuoni walio wengi, Shafii akiwamo, wameikataa. Na zaidi ya hayo, aliyerudi nyuma si mnunuzi.

Alirejesha 260,000 zote, kwa mafungu mawili. (Fedha ya namna hii huingia katika mtaji wa duka, duka likifungwa, mteja husimama foleni pamoja na wadai wengine.)

Mama yule sasa analipia cherehani katika duka jingine. Imefungwa kikaratasi chenye jina lake, na kadi ina namba yake, bei, tarehe ya mwisho, na fedha zitarudije akishindwa. Kila mwezi, kabla ya kufungua mkoba, huomba kwanza aoneshwe cherehani yake.