Vitenge vya tarehe 8

Tulikuwa wamama 12, tukitafuta vitenge vya sare kwa tarehe 8 mwezi wa tatu. Duka moja la Facebook lilitoa kimoja kwa dola 9. Sokoni kilikuwa dola 15. Muuzaji akatuharakisha: tumeni nusu leo, wengine wanangoja. Tukatuma dola 54 kwa simu. Kesho yake namba haikupatikana tena.

Ndipo tukafungua «À propos», kisha «Transparence de la Page», kwenye ukurasa wake. Ulikuwa na wiki tatu tu, na mwanzoni uliitwa duka la viatu. Tungetazama kabla ya kutuma!

Lakini ukurasa wa zamani nao unaweza kuwa umeibiwa. Kwa hiyo sasa tunamwomba muuzaji aandike jina la kikundi chetu kwenye karatasi, aiweke juu ya kitenge, atutumie video. Mwenye picha za kuiba itamwia vigumu. Ataleta sababu nyingi. Hata akiweza, tunalipa siku ya kupokea, tukiisha kukunjua kitambaa na kukipima. Akikataa hilo, tunarudi sokoni.