Hadi Jumatatu

Desemba 2024 nilikuwa nadai shilingi 18,000. Makala nilikuwa nimeshayawasilisha kwa ofisi moja hapa Nairobi, yakapita, na Ijumaa tarehe 20 nikatuma invoisi. Kabla sijafunga laptopu, jibu likaingia: "Niko likizoni hadi Jumatatu, tarehe 6 Januari. Kwa jambo la dharura, mwandikie mwenzangu." Chini yake, anwani ya mwenzake.

Kwangu kodi ni dharura, na hapa kwetu hulipwa kufikia tarehe 5. Nikamwandikia mwenzake. Naye akajibu chapchap, uchapchap wa mashine: yuko likizoni pia, tumwandikie yule wa kwanza. Nilicheka peke yangu, halafu nikaacha kucheka. Kila mmoja alikuwa ameniachia mwenzake, na inaonekana hakuna aliyemuuliza mwenzake kama atakuwepo.

Basi nikashika tarehe, maana ndiyo pekee iliyobaki. Nikamwambia mwenye ploti nitalipa tarehe 6. Siku hiyo asubuhi nikaandika tena, jibu lile lile likanirudia, neno kwa neno. Kumbe "hadi Jumatatu" yake ilikuwa na Jumatatu yenyewe ndani. Alirudi kazini Jumanne. Hebu jaribu kumweleza mwenye ploti maana ya "hadi."

Aprili ikawa zamu yangu. Mama alikuwa anafanyiwa upasuaji, na nilitakiwa kuwa nyumbani ushago wiki mbili, kuanzia Jumatatu tarehe 14, mahali ambapo mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Nikafungua Gmail, nikaenda kwenye mipangilio, nikashuka hadi pale palipoandikwa "Vacation responder."

Kuna visanduku viwili vya tarehe: "First day" na "Last day." Hapo ndipo nilimwelewa yule bwana. "Last day" ni siku ya mwisho ya jibu kutumwa, na Gmail hulizima siku hiyo inapoisha usiku. Ukiweka pale siku unayorudi, mashine itashinda ikiwaambia watu haupo huku umeketi kwenye dawati. Na usipoweka tarehe ya mwisho kabisa, litaendelea mpaka ukumbuke kulizima mwenyewe. Mimi nikaweka Jumapili tarehe 27, na kwenye ujumbe nikaepuka "hadi." Nikaandika: "Nitarudi kazini Jumatatu, tarehe 28 Aprili."

Sababu ya safari sikuiandika. Jibu hilo humfikia yeyote atakayekuandikia, hata mtu usiyemjua, na ugonjwa wa mama si habari ya kila mtu.

Shida ikawa sentensi ya pili. Mtu wa ofisi ana mwenzake kwenye dawati la pili. Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu karo iliposhinda, na tangu hapo ofisi yangu ni kitanda. Mwenzangu ni nani? Nikampigia rafiki tuliyekaa naye chumba kimoja chuoni.

"Nikuandike?"

"Niandike, lakini niseme nini wakiuliza?"

Swali hilo lilituchukua saa nzima, na ndilo lililokuwa kazi yenyewe. Tukakubaliana: atakuwa na nakala ya makala mawili yaliyokuwa kwa wahariri, anaweza kujibu swali la jina au tarehe, na anaweza kutuma faili. Bei hawezi kukubali. Kazi mpya hawezi kuahidi. Basi nikaandika hivyo hivyo: "Kwa maswali kuhusu makala yaliyo mkononi, mwandikie fulani. Kuhusu kazi mpya, nitakujibu nikirudi." Nikamtumia mia tano za bando, maana ni mtandao wake atakaotumia.

Mwisho nikamwomba anitumie barua moja ya majaribio. Jibu likamfika. Akatuma ya pili, kimya. Tukadhani limeharibika, kumbe Gmail kwa kawaida humjibu mtu mmoja mara moja tu, kisha hurudia akiandika tena baada ya siku nne. Ukilihariri jibu, hesabu huanza upya. Nikabadilisha neno moja, akatuma tena, likafika.

Wiki ya pili mhariri mmoja aliuliza jina la soko nililolitaja kwenye makala. Rafiki yangu akalitafuta kwenye faili, akamjibu siku ile ile. Mimi nilikuwa kwenye benchi la hospitali na kikombe cha uji, sijui lolote.

Jumatatu tarehe 28, saa mbili na dakika tano asubuhi, barua ya kwanza ilikuwa ya mteja mpya. Alikuwa ameandika neno moja tu.

"Umerudi?"

"Nimerudi," nikamjibu, kwa mkono wangu.