Safu ya Nne Niliyoiacha

Andiko la mradi nililopewa kulifupisha lilikuwa na kurasa 38, na bangokitita lake lilikuwa na safu nne kama kawaida: malengo, viashiria, njia za kuthibitisha, na mambo ambayo mradi unayategemea ili ufanikiwe. Safu tatu za kwanza nilizifupisha vizuri. Ya nne niliiacha, na niliiacha nikijua ninachokifanya. Mjumbe wa bodi niliyemwandikia aliridhia mradi kwa kusoma ukurasa wangu mmoja, taasisi ikasaini mkataba wa ruzuku, na gharama ya kile nilichokiacha imelipwa na watu ambao hawakuwahi kuuona ukurasa huo.

Mradi wenyewe ulikuwa mzuri, na bado naamini hivyo. Tulikusudia kuchimba visima virefu katika vijiji sita vya mkoa wa Singida, kila kisima kiwe na pampu ya umeme wa jua, tenki na vituo vinne vya kuchotea maji. Bajeti ilikuwa shilingi milioni 480. Kupima, kuchimba na kujaribu kisima kimoja kulikadiriwa kugharimu milioni 25. Pampu, tenki na vituo milioni 35. Kwa vijiji sita hapo tayari ni milioni 360. Zilizobaki ziligawanywa kwenye mishahara, mafunzo, ufuatiliaji na tathmini, na gharama za uendeshaji wa ofisi.

Mfadhili angetoa milioni 400, na sisi 80. Katika hizo 80, milioni 30 zilikuwa gari, ofisi na muda wa watumishi ambao tayari tulikuwa tunawalipa, yaani hazikuhitaji fedha mpya. Milioni 50 zilipaswa kutoka taslimu kwenye akaunti yetu. Akiba yote ya taasisi wakati huo ilikuwa milioni 70.

Halafu kulikuwa na ukurasa wa 31. Pale mtaalamu wa maji chini ya ardhi alikuwa ameeleza matokeo ya upimaji wake, kijiji kwa kijiji. Vinne havikumpa wasiwasi. Cha tano, alisema, mwamba wake hauna nyufa za kutosha na kuna uwezekano kisima kikatoka kikavu. Cha sita maji yapo, lakini visima vya jirani vina madini ya floridi kwa wingi, jambo ambalo si geni Singida. Chini ya maelezo hayo kulikuwa na sharti la mfadhili: atalipia uchimbaji wa kisima chenye maji ya kutosha na chenye floridi isiyozidi miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha mwongozo cha Shirika la Afya Duniani. Kisima kitakachoshindwa ni juu ya mpokeaji ruzuku.

Sharti hilo ndilo lililokuwa limeandikwa kwa kifupi kwenye safu ya nne ya bangokitita. Nililisoma na nikalielewa.

Niliyemwandikia alikuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha ya bodi, mama mwenye shughuli nyingi ambaye husoma karatasi zetu kwenye simu akiwa njiani kati ya kikao na kikao. Dirisha la kupokea maombi lilikuwa linakaribia kufungwa na sisi tulihitaji ridhaa yake kabla. Nikamwandikia hivi:

"Mradi utachimba visima sita na kuwapatia wananchi 6,000 maji safi na salama ndani ya miezi 18. Bajeti ni shilingi milioni 480, ambapo mfadhili anatoa milioni 400. Shughuli kuu ni uchimbaji wa visima, ufungaji wa pampu za umeme wa jua, ujenzi wa vituo vya kuchotea maji, na mafunzo kwa vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Matokeo yanayotarajiwa ni kupungua kwa magonjwa ya kuhara na kwa muda ambao wanawake na watoto wanautumia kufuata maji."

Lengo lipo, bajeti ipo, shughuli zipo, matokeo yapo. Hakuna namba hata moja ambayo haikutoka kwenye andiko. Mkurugenzi aliusifu kwa ufupi wake. Lakini kila sentensi imepunguzwa sehemu ileile, sehemu inayoanza na "iwapo".

Tazama sentensi ya bajeti. Nimetaja jumla, nimetaja fungu la mfadhili, nikamwachia msomaji atoe mwenyewe. Mtu aliye njiani hatoi. Jicho lake linabaki kwenye milioni 400 zinazoingia. Hata angetoa, angepata 80 bila kujua kwamba 50 kati yake ni fedha taslimu, na kwamba mkataba umeacha mlango wazi wa fedha nyingine kutoka.

Tazama pia wale wananchi 6,000. Hakuna aliyewahesabu. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kituo kimoja cha kuchotea maji kihudumie watu 250, wasiotembea zaidi ya mita 400 kukifikia. Vituo 24 mara 250 ni 6,000. Kwa hiyo namba hiyo inaeleza uwezo wa mitambo ikiwa yote imejengwa, yote inafanya kazi, na yote iko karibu na makazi. Andiko liliyataja masharti hayo matatu. Mimi niliyachukua makadirio ya mchoro nikayaandika kama watu.

Na ile sentensi ya matokeo imechanganya vitu viwili ambavyo mwandishi wa andiko alivitenganisha kwa uangalifu. Kisima kilichochimbwa ni zao la shughuli. Tunaweza kukiahidi kwa sababu tunakilipia. Kuhara kupungua ni badiliko katika maisha ya watu, na hutegemea pia vyoo, unawaji mikono na namna maji yanavyotunzwa nyumbani, mambo ambayo mradi huu haukuyagusa sana. Andiko lilisema mradi "utachangia" kupunguza. Nililiondoa neno hilo kwa sababu lilionekana kulegeza sentensi.

Jibu lake lilikuja upesi: "Naafiki. Endeleeni." Nilifurahi. Leo jibu kama hilo lingenitia hofu, kwa sababu mjumbe wa kamati ya fedha anayepokea ombi la kuifunga taasisi kwenye mkataba wa milioni 480 akiwa hana swali hata moja, basi aliyefupisha amemnyima cha kuuliza.

Ninachotakiwa kukiri hasa ni sababu. Sikubanwa na nafasi. Ukurasa ulikuwa na robo nzima tupu. Niliogopa. Nilijua kwamba nikiandika akiba yetu ni milioni 70 na hatari tunayoibeba inaweza kuizidi, mama yule angepiga simu, pengine angetaka kikao, na dirisha lingefungwa. Nilitaka mradi upite. Nikajifanyia uamuzi ambao haukuwa wangu, kisha nikaufunika kwa ufasaha.

Mambo yakaenda kama mtaalamu alivyoandika. Kisima cha kijiji cha tano kilitoka kikavu. Tulichimba tena sehemu nyingine, maji yakapatikana, lakini karibu kilomita mbili kutoka kwenye makazi, kwa hiyo kina mama wa pale bado wanatembea, na kwenye taarifa hawawezi kuhesabiwa kwa kipimo cha mita 400. Kijiji cha sita maji yalitoka kwa nguvu, watu wakashangilia, kisha majibu ya maabara yakaonyesha floridi miligramu 3.8 kwa lita. Kisima kikafungwa na mradi ukahamishiwa kijiji jirani. Visima viwili vilivyoshindwa ni milioni 50. Ukijumlisha na mchango wetu wa taslimu ni milioni 100. Tulimaliza akiba, na milioni 30 zilizopungua tukazitoa kwenye fedha zetu za ukarabati wa vyoo vya shule mbili. Wanafunzi wa shule hizo ndio waliolipa.

Mama aliniita. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu, haya yalikuwamo kwenye andiko?"

"Yalikuwamo, Mama. Ukurasa wa 31."

"Na wewe uliusoma?"

"Niliusoma."

Akanyamaza kidogo, akaniambia niuandike upya ule muhtasari kama nilivyopaswa kuuandika siku ile, nimpelekee. Niliona ni adhabu, lakini kazi ile ndiyo iliyonionyesha kosa langu lilivyokaa. Ukurasa mpya ulianza hivi:

"Tunaomba ridhaa yako tusaini mkataba utakaoitaka taasisi itoe shilingi milioni 50 taslimu katika mwaka wa kwanza, na kubeba gharama ya kila kisima kitakachokosa maji ya kutosha au kitakachokuwa na floridi inayozidi kiwango. Kila kisima cha namna hiyo ni milioni 25. Upimaji umetilia shaka vijiji viwili kati ya sita. Vikishindwa vyote viwili, tutatoa milioni 100, na akiba yetu ni milioni 70. Mapendekezo yetu ni kumwomba mfadhili achangie nusu ya gharama ya visima vitakavyoshindwa, au tuanze na vijiji vinne."

Lengo, shughuli na matokeo vilifuata chini, vikiwa vifupi kuliko mwanzo. Bado ulitosha ukurasa mmoja. Niliondoa historia ya taasisi, ambayo mjumbe wa bodi anaijua, na maelezo ya shida ya maji Singida, ambayo hakuna asiyeijua. Vijiji vinne vingegharimu kidogo zaidi kwa kila kimoja, kwa kuwa mishahara na ofisi havipungui kwa uwiano uleule, lakini vingekuwa na maji na vyoo vya shule vingekarabatiwa.

Siku hizi, kabla sijatuma muhtasari, humpa mhasibu ambaye hajalisoma andiko, nikamuuliza jambo moja: mambo yakiharibika, sisi tunalipa kiasi gani? Akishindwa kujibu kwa kuutazama ukurasa wangu tu, naurudia. Mara kadhaa ameshindwa.

Limebaki jambo moja. Taarifa ya mwisho ya mradi inasema visima viwili vilishindwa kutokana na "changamoto za kijiolojia zisizotarajiwa", na muhtasari wa kikao cha bodi umenukuu maneno hayohayo. Maneno hayo niliyaandika mimi. Nimemwomba katibu wa bodi kwa barua kwamba katika kikao kijacho kumbukumbu zirekebishwe: neno "zisizotarajiwa" liondolewe, iandikwe kwamba hatari zilikuwamo kwenye ukurasa wa 31 wa andiko, na kwamba bodi haikuelezwa. Nakala ya barua hiyo nimempelekea na mfadhili.