Kabla Umpeleke Mteja Kortini, Mtumie Ujumbe Kama Huu

Kila nikisema kuna mteja amekataa kunilipa, watu huniambia kitu kimoja tu: mpeleke kortini. Na si ushauri mbaya. Tuko na Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai ya hadi shilingi 1,000,000. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu uifungue. Niliacha chuo, lakini fomu najua kujaza. Bado nilichagua upatanishi, na ningefanya hivyo tena.

Mambo yalikuwa hivi. Mama mmoja mwenye duka la fanicha alinipa kandarasi ya video 4 kwa shilingi 120,000. Alitanguliza 40,000, salio aje kulipa baada ya video ya mwisho. Nikamaliza kazi, akasema video 2 hazina bei za viti, kwa hivyo halipi. Kandarasi ilisema video "zionyeshe bidhaa kikamilifu." Kwake, kikamilifu ni pamoja na bei. Kwangu, ni kiti kionekane mbele, nyuma na ndani.

Sasa jiulize, korti ingenipa nini hapo? Hakimu angesoma kandarasi aseme nani anamlipa nani. Hangekaa na sisi kupanga video irekodiwe lini. Na hata ukishinda, mtu akikataa kulipa ni wewe unarudi kuomba amri itekelezwe. Halafu huyo mteja umempoteza.

Shida ni kwamba wengi wetu tukitaka upatanishi tunaandika "tuongee tu tumalize hii maneno." Mtu akisoma hivyo anajua umeogopa. Mimi niliandika hivi:

"Habari za asubuhi, Mama. Tunatofautiana juu ya video 2 na salio la shilingi 80,000, na sidhani tutaelewana kwa simu. Napendekeza tukae na mpatanishi kwa masaa 3, gharama tugawane nusu kwa nusu. Nimekutumia majina 3 ya wapatanishi walioidhinishwa, chagua mmoja. Tutakayosema huko yasitumiwe kortini na upande wowote. Naomba jibu kufikia Ijumaa. Nikikosa kulipata, nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo."

Angalia kilichomo. Sijasema niko tayari kupunguziwa pesa, wala sijamtukana. Majina nimeleta mimi lakini kuchagua nimemwachia yeye, kwa sababu mpatanishi akionekana ni mtu wangu, kikao kimekufa kabla kianze. Ile sentensi ya korti nayo ni ya lazima. Bila hiyo, ukisema kwenye kikao "nipe hata 60,000," kesho mtu anamwambia hakimu kwamba wewe mwenyewe ulikubali 60,000. Na ile Ijumaa inazuia mambo kuvutwa. Mtu akijibu "sawa, hakuna shida" halafu hachagui jina, jua anakupotezea wakati.

Yeye alichagua siku iliyofuata.

Mpatanishi si hakimu, haamui kitu. Alitusikiza pamoja, kisha akaongea na kila mmoja peke yake. Tuliporudi mezani, mama mwenyewe akasema jambo ambalo hakuwahi kunigusia kwa simu: wateja walikuwa wanapiga kuuliza bei mchana kutwa na hana mtu wa kujibu, na pesa dukani zilikuwa chache mwezi huo. Kumbe hakuwa anapinga deni lote. Alihitaji video moja yenye bei, na muda wa kulipa.

Tukaandika: atanilipa 70,000, nusu siku hiyo kwa M-Pesa na nusu mwisho wa mwezi. Mimi nitarekodi upya video moja, kwa nusu siku, yenye bei. Awamu ya pili ikichelewa kwa zaidi ya siku 7, deni linarudi 80,000 lote. Tukatia sahihi sote wawili pamoja na mpatanishi. Usiondoke bila karatasi hiyo. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, makubaliano yaliyoandikwa kwa msaada wa mpatanishi aliyehitimu yanaweza kusajiliwa kortini na kutekelezwa huko. Ya mdomo yatakurudisha pale pale ulipoanzia.

Hizo 10,000 nilizoachilia ziliniuma, sitadanganya. Lakini awamu ya pili ilikuja siku 2 kabla ya tarehe, na duka bado linanipa kazi.

Upatanishi lakini si wa kila mtu. Unafaa pale ambapo nyinyi wawili mnasoma kandarasi moja na kuona vitu viwili. Kama mteja anakubali kazi ilikuwa sawa ila amekublock na hashiki simu, hakuna ubishi wa kupatanisha hapo. Huyo fungua kesi. Madai ya kandarasi yana muda wa miaka 6, lakini usingoje: simu hupotea, na zile jumbe ndizo ushahidi wako.