Kompyuta Mpya, Deni la Zamani

Ukisakinisha Ubuntu leo kwa flashi iliyoandaliwa zamani, mfumo unawaka safi, halafu kabla hujafungua hata kivinjari unaambiwa vifurushi mia kadhaa vinasubiri kusasishwa. Wengi hudhani kimeharibika. Hakuna kilichoharibika. Faili la ISO ni picha ya siku moja. Lile la kwanza la Ubuntu 22.04 lilitoka Aprili 2022, na kila programu ndani yake imebaki ilivyokuwa mwezi huo. Wakati flashi inalala kwenye droo, huku nje mashimo ya usalama yanagunduliwa na kuzibwa.

Huku Busibwabo mimi ndiye kijana wa kompyuta, kazi niliyoiokota baada ya chuo kunishinda karo. Juzi mathe mmoja wa duka aliniletea laptopu ya mtumba ya kuwekea hesabu zake. Baada ya kusakinisha niliandika:

```
sudo apt update
apt list --upgradable | wc -l
```

Ikaja zaidi ya 400 (toa moja, ule mstari wa kichwa nao unahesabiwa). Akauliza, "Sasa hiyo yote ni bando langu?" Ni lake, ndio. Na karibu na mpaka lazima uchunge, maana simu unayotumia kugawa mtandao inaweza kudandia mnara wa Uganda.

Ile 400 huhesabu vifurushi, haihesabu marekebisho. Kifurushi kikiwa kimerekebishwa mara kumi, apt hushusha toleo la mwisho tu. Kwa hivyo deni halikui bila kikomo, lakini ni kubwa, na kila mashine unayosakinisha kwa flashi hiyo inalilipa upya.

Ndiyo maana Ubuntu huliunda ISO upya. 22.04.1 ilitoka Agosti 2022, na ya mwisho, 22.04.5, Septemba 2024. Hizi si mifumo mipya. Ni 22.04 ileile, marekebisho ya hadi wakati huo yakiwa yameshaingizwa ndani. Aliyesakinisha ile ya 2022 na kusasisha kila mara hana haja ya kuanza upya. Tayari yuko palepale. Anayefaidika ni anayeanza leo, hasa mwenye mashine tano: anashusha faili moja kubwa mara moja, kisha kila mashine inadai tu yaliyotokea baada ya Septemba 2024. Hayo nayo si sifuri, na yanaongezeka kila wiki.

Ukikuta flashi isiyo na jina, ichomeke, ingia ndani yake kwa terminali, kisha andika:

```
cat .disk/info
```

Utasoma toleo, na mwishoni tarehe ambayo ISO iliundwa. Ya mathe ilisema 2022. Nilipomaliza kazi yake niliifuta, nikaweka 22.04.5, kwa sababu ndugu yake wa Malaba anazo mbili zinanisubiri.