Hongera kwa Aliyekuwa Mchumba Wetu

Dominika moja huko Bukavu, baada ya Misa ya kwanza, padri alisoma majina ya wale wanaotaka kufunga ndoa. Jina la pili lilikuwa la binti ambaye sisi tunaoandika haya tulimposa miaka mitatu nyuma. Mbuzi wawili wa mahari walikuwa wamekwisha kupelekwa. Kisha wazee hawakupatana, na sisi wenyewe tulilegea. Uchumba ukavunjika bila matusi. Sisi bado hatujaoa.

Jioni tulikwenda kwa mzee katekista na barua tuliyokwisha kuiandika. Hakuipokea. Akauliza kwanza, “Mwanangu, wajua kizuizi chochote cha ndoa hii?” Tukajibu kwamba hatujui. Akasema, “Basi, kanisani huna neno.” Maana matangazo yale yasomwa kwa ajili ya vizuizi, kama vile ndoa nyingine iliyokwisha kufungwa au udugu wa damu. Ajuaye jambo la namna hiyo amepaswa kumwarifu padri kabla ya arusi. Ndivyo isemavyo kanuni 1069 ya sheria za Eklezya. Mapenzi ya zamani si kizuizi. Na Sheria ya Jamaa ya nchi yetu, ya mwaka 1987, yasema kwamba uchumba haumlazimishi mtu kufunga ndoa.

Swali lake la pili lilitushangaza: “Na mbuzi?” Mmoja alirudishwa, wa pili alikufa kwao, wala hakulipwa. Mzee akaiweka barua mezani. Alisema kwamba hongera ya mtu anayedai husomwa kama dai, hata ikiandikwa kwa maneno ya asali. Baba wa binti ataisoma na kuuliza, “Huyu anatukumbusha nini?” Tukajaribu kuongeza mstari wa kusamehe deni lile. Mzee akakataa kabisa: msamaha unaotiwa ndani ya hongera ni kamba ya mbuzi yule yule. Basi baba yetu mdogo, ambaye ndiye aliyepeleka mahari, alikwenda mbele ya wazee wao na kulifuta deni. Jambo la mbuzi likaisha kwa njia iliyolileta. Tulingoja majuma mawili ndipo tukarudia barua.

Hapo ndipo mzee alipoisoma. Tulikuwa tumeandika, “Nakuombea upate furaha ambayo mimi sikuweza kukupa.” Akauliza binti atajibu nini ila kutufariji. Mstari ukafutwa. “Mwambie mwenzio akutunze vizuri.” Nani ametuweka kuwa mlinzi wake? Ukafutwa. “Sitasahau siku zile za Kadutu.” Huo tuliutetea, kwa kuwa ulikuwa kweli. Mzee akasema kwamba kweli nayo ina mahali pake, na barua hii itasomwa na mchumba wake pia. “Ukihitaji neno lo lote, nipo.” Tulidhani huo ni wema mtupu, kumbe ulikuwa mlango ulioachwa wazi kidogo.

Yaliyobaki yalikuwa haya: “Nimesikia matangazo ya ndoa yenu. Nimefurahi. Nawapongeza ninyi wawili, na Mungu aibariki nyumba yenu.” Tuliwaandikia wote wawili, kwa majina yao wote wawili, na karatasi ikapelekwa mchana kwa mkono wa kaka yake, bila kufungwa. Tungaliweza kutuma maneno hayo hayo kwa simu saa nne ya usiku, lakini saa ile nayo ingalisema jambo.

Tulimwuliza mzee kama si afadhali kunyamaza. Alijibu kwamba mara nyingi ni afadhali: ikiwa mwenzako alikuomba usimwandikie tena, au ikiwa baada ya kufuta mistari yote hakuna neno lililobaki ambalo ni kweli. Asiyefurahi asiandike kwamba amefurahi. Lakini alituonya kwamba kuna kimya kinachopiga kelele. Alimjua kijana aliyenyamaza, kisha akawaambia rafiki zake wote kwamba amenyamaza. Akabadili Misa, akawa akivuka barabara amwonapo mama wa binti. Kimya cha kweli humsalimu mama yule kama zamani, “Shikamoo, mama,” na kuendelea na safari.

Hakuna jibu lililoletwa. Barua haikuuliza kitu. Lakini juma la kwanza, kila mbwa alipobweka, tulichungulia njiani kama ni kaka yake anakuja. Tulimweleza mzee jambo hilo. Alicheka kidogo, akatuuliza kama tumekwisha kusahihisha madaftari ya watoto wa darasa la tano. Bado. Tukarudi nyumbani, tukawasha taa, tukaanza.