Barua kwa mpwa wangu, katibu wa kikundi

Kasulu mjini, Agosti

Mpwa wangu,

 

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti kutoka Makere, na rasimu ya barua kwa mama mliyemwondoa kikundini nimeisoma. Umeanza hivi: "Umefukuzwa kwenye kikundi kwa sababu ya udanganyifu na tamaa." Hiyo ichane, tuandike nyingine. Uamuzi wa mkutano siupingi. Mlimwita, mkamsikiliza, mkapiga kura ya siri kama katiba yenu inavyotaka, na hilo ni lenu. Kilichobaki ni namna ya kumwambia.

Tuanze na kosa lenyewe. Alikwisha kukopa hadi kikomo, mara tatu ya akiba yake, kisha akachukua mkopo mwingine kupitia kitabu cha jirani yake. Fedha ikatoka sandukuni kwa jina la mmoja ikaishia mikononi mwa mwingine. Mwaka jana alifanya hivyo hivyo, akaonywa, na onyo likaandikwa kwenye daftari. Kosa hilo ni zito kwa sababu kikundi hakina dhamana nyingine zaidi ya akiba ya mkopaji. Mtu akikopa kwa vitabu viwili, hamjui tena nani anadaiwa nini, na siku ya kuvunja kikundi watu watatazamana. Hayo ndiyo ya kuandika. "Udanganyifu" na "tamaa" ni maneno ya kumpima mtu moyo, na mkutano haukupiga kura juu ya moyo wake. Kuchukua mkopo kwa kitabu cha mwenzake ni tendo, nalo alilikiri mbele yenu.

Na usisahau kwamba karatasi hiyo itatembea. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, vikundi kama chenu viko daraja la nne na vinasajiliwa kupitia halmashauri. Akiona ameonewa, ana haki ya kuipeleka kwa ofisa maendeleo ya jamii. Andika barua ambayo ofisa huyo akiisoma ataona sababu, uamuzi na hesabu, asione ugomvi wa majirani.

Mimi ningeandika hivi:

"Dada yetu, salamu. Katika mkutano wetu wa wiki iliyopita, ambao ulihudhuria na kusikilizwa, wanachama walipiga kura ya siri na kuamua kwamba uanachama wako ukome kwa mzunguko huu. Sababu ni moja: kuchukua mkopo kupitia kitabu cha mwanachama mwingine, kwa mara ya pili, baada ya onyo lililoandikwa. Katiba yetu inataka hivyo kwa yeyote, akiwemo kiongozi. Akiba yako ni hisa 68 za shilingi 2,000, yaani shilingi 136,000. Deni lako lililobaki pamoja na riba ni shilingi 90,000. Tutakukabidhi shilingi 46,000 taslimu, mbele ya mweka hazina na shahidi utakayemchagua wewe. Kwa kuwa unatoka katikati ya mzunguko, hisa zinarudishwa kwa bei uliyonunulia, bila faida. Mchango wa mfuko wa jamii haurudishwi. Mzunguko mpya ukianza unaweza kuomba kujiunga kama mtu mwingine yeyote. Ukiona hesabu ina kasoro, niambie kabla ya siku ya makabidhiano, tuipitie pamoja na kitabu chako."

Basi, inatosha. Usiongeze "tunasikitika sana" mara tatu, maana masikitiko mengi humfanya msomaji ajione mgonjwa. Usiongeze pia "iwe fundisho kwa wengine." Mstari huo ungekuwa umeandikwa kwa ajili ya wengine, na barua ni yake.

Katika hesabu hiyo utaona kuna deni sikuligusa, lile lililo kwenye kitabu cha jirani. Najua wapo wanaotaka likatwe kwenye zile 46,000. Msikate. Kwenye leja deni hilo ni la aliyetia sahihi, na kikundi kitamdai yeye. Wao wawili watajuana wenyewe, au huyo anayetoka aandike kwa hiari kwamba anakubali likatwe. Mkilikata kwa nguvu mtakuwa nanyi mmehamisha fedha kutoka kitabu cha mtu mmoja kwenda kingine, jambo lile lile mnalomtolea. Na aliyeazimisha kitabu alipe faini yake. Watu watauliza kwa nini mmoja atoke na mwingine abaki. Jibu ni lile onyo la mwaka jana: mmoja analo, mwingine hana.

Sasa hili la kusoma barua mbele ya mkutano. Mwenyekiti anasema kikundi hakina siri. Naelewa anakolitoa. Mtindo huu wa kuweka na kukopa, ulioanzishwa na shirika la CARE kule Maradi, Niger, mwaka 1991, ulitegemea kumbukumbu: wanawake wasiojua kusoma walikuwa wakikumbuka kwa pamoja kilichomo sandukuni. Ndiyo maana mpaka leo fedha inahesabiwa kwa sauti, kila mtu akiona. Lakini kinachohesabiwa kwa sauti ni fedha. Kwa hiyo mkutanoni litangazwe hivi tu: mwanachama mmoja ametoka, akiba yake ilikuwa kiasi hiki, deni kiasi hiki, amekabidhiwa kiasi hiki, sandukuni kumebaki kiasi hiki. Sababu waliisikia siku ya kura. Kuirudia ni kumsimamisha mama wa watu kizimbani mara ya pili, safari hii bila yeye kuwepo kujibu.

Barua umpelekee mwenyewe, jioni, na si siku ya soko. Usimpe mtoto aipeleke. Lile grupu la WhatsApp pia liache kwanza. Ukimtoa wewe, kila mwenye simu ataona kwamba umemwondoa, tena huenda kabla hajaisoma barua. Mwombe ajitoe mwenyewe baada ya makabidhiano. Wengi hujitoa usiku huo huo.

Limebaki la ufunguo, na hapa naona mnataka kuharibu. Yeye ni mmoja wa washika funguo watatu. Umeniambia kuna aliyependekeza mnunue kufuli jipya kabla hajapewa barua. Sanduku lile lina makufuli matatu kwa makusudi, ili mtu mmoja asiweze kulifungua, na hilo linawalinda tayari. Kufuli jipya likionekana, Makere nzima itasema aliiba, wakati hakuna senti iliyopotea sandukuni. Siku ya makabidhiano, mweka hazina akishamhesabia 46,000 na yeye kuweka sahihi, aweke ufunguo mezani, nawe uandike kwenye daftari: "Mshika ufunguo wa pili amekabidhi ofisi." Mkutano unaofuata mchague mwingine asiye ndugu wa viongozi. Mkitaka kubadili makufuli, badilini yote matatu mzunguko mpya ukianza, ionekane ni desturi.

Kitabu chake akichukue. Mihuri ikatwe kwa mstari mmoja ulionyooka, jumla iandikwe chini, na sahihi mbili. Rasimu mpya nitumie kabla ya Jumatano, nitakuwa Kibondo wiki ijayo na mtandao wa huko unaujua.

Wasalimie wote.

Mjomba wako